Skripti ya video fupi ya tafakari ni nini, na mbona sio mahubiri yaliyokatwa

Kwenye magrupu ya jumuiya na kwaya hapa Dar mtu akiambiwa aandae "tafakari ya dakika moja" mara nyingi anachukua mahubiri ya Jumapili anayabana mpaka yaenee, kisha anaweka piano ya huzuni nyuma. Hayo ni mahubiri mafupi, na ni kitu kizuri kwa nafasi yake, ila skripti ya tafakari ni kitu kingine. Ni maandishi machache ya kusomwa taratibu juu ya picha, yanamuwekea mtu jambo moja mbele yake halafu yanamwachia nafasi ya kulitafakari mwenyewe. Hayampi jibu.

Tuchukue Injili ya Luka sura ya 24, wale wawili wanaoenda Emau. Luka anasema kijiji kilikuwa stadia 60 kutoka Yerusalemu, yaani kama kilomita 11, ni kama mtu atoke Posta kwa miguu mpaka Mwenge. Mahubiri yangeipitia habari yote mpaka kuumega mkate. Skripti inachukua mstari wa 15 mpaka 21 tu, pale Yesu anapoungana nao hawamtambui, anawauliza wanaongea nini njiani, nao wanasimama nyuso zimekunjamana, kisha wanamweleza. Kweli mstari wa 25 anawakemea na baada ya hapo anawafafanulia Maandiko, lakini hiyo sehemu muachie padri au mchungaji, ana dakika zake 20 na watu wamekaa wanamsikiliza. Wewe una mtu yuko kwenye daladala kasimama, simu mkono mmoja.

Unaiandika kwa safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Picha ya kwanza ni miguu ya watu wawili kwenye barabara ya vumbi, sekunde kama sita hivi, unasikika mchakacho wa hatua tu. Halafu sauti inaingia: "Watu wawili wanatoka Yerusalemu. Wamechoka, na wana maneno mengi. Mgeni anaungana nao, anawauliza: mnazungumza nini? Wanasimama. Wanamweleza yote, mpaka lile tumaini lililovunjika. Naye anawaacha waseme." Hapo unanyamaza sekunde nane, picha ni barabara tupu, kisha swali moja: "Ungeulizwa hivyo leo njiani, ungeanzia wapi?" Basi, imeisha.

Ukihesabu hapo maneno hayafiki hata 40, na ndiyo maana inapumua. Mimi kwa dakika nzima sivuki maneno 80, zaidi ya hapo msomaji anaanza kukimbia na kile kimya kinaliwa, na kimya ndicho kazi yenyewe, ndio maana unakiandika kwenye skripti kabisa, "kimya, sekunde 8", usipokiandika anayeediti atakijaza muziki. Na maneno yote yaonekane chini kwenye kioo pia maana wengi wanaangalia bila sauti.

Sasa utajuaje kama imeteleza ikawa mahubiri? Angalia vitenzi. "Acha", "mrudie", "unapaswa", hizo zinajulikana, ila inayotupiga chenga wengi ni ile ya "tujifunze", "tumtegemee", "tusikate tamaa", kwa sababu inaonekana ya upole, mwandishi kajiweka na yeye ndani, lakini bado ni agizo. Angalia na swali lenyewe pia. "Je, umemwachia Mungu mizigo yako?" lina jibu moja tu linalokubalika, kwa hiyo anayeangalia anajiona kashitakiwa. Lile la "ungeanzia wapi" hata aliyegombana na imani yake anaweza kulijibu, na hata jirani yako Muislamu akiiona kwenye status yako haimsukumi nje.

Heshima inaenda mpaka kwenye picha. Usimrekodi mtu anasali au analia msibani hata kama picha ni nzuri kiasi gani, na habari aliyoitoa mtu Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya sio mali ya video, hata ukificha jina, mtaani wanajuana. Miguu, mikono, mlango, barabara vinatosha kabisa.

Aina hii haibebi kila kitu. Haifai kufundisha sakramenti, haifai kurekebisha watu, na tangazo la mchango likiwekwa mwishoni linaua kila kitu kilichotangulia, litume kama meseji yake, hata kesho yake. Ukishaituma angalia majibu. Zikija "Amina" nyingi ni sawa, watu wamepokea, lakini siku mtu akikuandikia pembeni, nje ya grupu, "mimi ningeanzia kwa mama", usimjibu kwa mstari wa Biblia haraka haraka, muulize mama anaendeleaje.