Safu ya duara na sifuri isiyokuwapo: dhana potofu na ukweli

Swali ni hili: katika safu ya namba ambayo mwisho wake unaungana na mwanzo, tafuta jumla kubwa kuliko zote ya kipande, yaani namba moja au zaidi zinazofuatana. Kila ninaposahihisha majibu ya wanaojiandaa kwa usaili wa kazi za programu, hukutana na mstari uleule, umeandikwa kwa kujiamini kabisa: `return max(mx, jumla - mn)`, ambapo `mx` na `mn` ni jumla kubwa na jumla ndogo kuliko zote za vipande vya kawaida, visivyovuka mwisho wa safu. Nikiuliza kama mstari huo unatosha, huambiwa kwamba majaribio yote yamepita.

Dhana: jibu ni kikubwa kati ya kipande bora cha kawaida na jumla kutoa kipande kidogo kuliko vyote, basi.

Wazo lenyewe ni sahihi. Tuseme duka linaandika faida au hasara ya kila siku kwa maelfu ya shilingi, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na wiki inajirudia: 6, 2, -7, 1, -4, 3, 5. Tukienda moja kwa moja bila kuvuka Jumapili, kipande bora kina jumla ya 8. Lakini kipande kinachovuka mwisho wa wiki kinaacha pengo katikati, na pengo hilo nalo ni kipande cha kawaida kisichovuka. Kwa hiyo, badala ya kutafuta kilicho bora pembeni, tunatafuta kilicho kibaya zaidi katikati na kukiondoa. Jumla ya wiki ni 6, na kipande kibaya zaidi ni -7, 1, -4, yaani -10. Tukitoa tunapata 16, ambayo ndiyo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Jumanne: 3 + 5 + 6 + 2.

Sasa ichukue wiki ambayo duka limepata hasara kila siku: -4, -2, -6, -1, -3, -5, -2. Jumla ni -23. Kipande kidogo kuliko vyote ni wiki nzima, yaani -23 vilevile, na tofauti yao ni 0. Mstari ule utarudisha 0, ilhali hakuna siku hata moja wala mfululizo wowote wa siku uliotoa sifuri. Jibu sahihi ni -1, hasara ya Alhamisi. Sifuri hiyo imetoka wapi? Tumeondoa wiki nzima, na kilichobaki ni kipande kitupu, wakati swali linataka kipande chenye namba moja au zaidi.

Wengi huiita hali hii kisa cha pekee cha kubandikiwa kiraka. Mimi naiona kuwa ni tokeo la kawaida la kutoa: kijalizo cha kitu kizima ni utupu. Ndiyo maana pande mbili hazifanani. Ukianzisha `mn` kwa 0 hakuna kinachoharibika, kwa kuwa kijalizo cha kipande kitupu ni safu nzima, ambayo inaruhusiwa. Ukianzisha `mx` kwa 0, kosa lilelile linarudi kwa mlango mwingine. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wamechoka kuusikia, ni kuanzisha vyote kwa namba ya kwanza:

```python
def duara(a):
    mx = mn = h = d = jumla = a[0]
    for x in a[1:]:
        h = max(x, h + x)
        d = min(x, d + x)
        mx = max(mx, h)
        mn = min(mn, d)
        jumla += x
    return mx if mx < 0 else max(mx, jumla - mn)
```

Sharti `mx < 0` linatosha, kwa sababu `mx` huwa hasi pale tu namba zote zinapokuwa hasi. Ikiwapo hata namba moja isiyo hasi, `mx` ni 0 au zaidi, na sifuri ya utupu haiwezi kuipita.

Dhana: `jumla == mn` maana yake namba zote ni hasi.

Si kweli. Katika -1, 1, -1 jumla ni -1 na kipande kidogo ni -1, lakini 1 imo. Anayerudisha `mx` katika hali hiyo bado anapata jibu sahihi, kwa kuwa mgombea wa duara ni 0 tu. Ila maelezo anayoyaandika kando ya sharti hilo ni ya uongo.

Dhana: rudufu safu, kisha tumia algorithimu ya Kadane, ileile inayotafuta `mx` hapo juu.

Jaribu kwa 5, -3, 5. Ukiirudufu unapata 14, ingawa namba chanya zote zikijumlishwa hazizidi 10. Umehesabu siku zilezile mara mbili. Njia hiyo inahitaji kuzuia urefu wa kipande usizidi urefu wa safu ya mwanzo, na kizuizi hicho ndicho ambacho Kadane hana.

Kabla ya kuniletea kazi, pitisha `[-3]` na `[-2, -1]`. Ukiona 0, sijaanza hata kusoma.