Si pipi zilizomletea mtoto kisukari

"Mwanangu wa miaka 9 ana kisukari, daktari amesema aina ya kwanza. Ni soda na pipi nilizomnunulia?"

Hapana, mama, usijilaumu. Katika aina hii, kinga ya mwili, ile inayopambana na vijidudu, hugeuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo huifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli. Isipokuwepo, sukari hujaa kwenye damu huku seli zikishinda njaa. Figo huitoa kwa mkojo, na maji huifuata. Ndiyo maana mtoto huanza tena kukojoa kitandani, hanywi akakata kiu, na hukonda. Mwili nao huchoma mafuta badala ya sukari, na mafuta hayo huacha tindikali ziitwazo ketoni. Akitapika, akihema kwa nguvu na pumzi ikinuka kama tunda lililoiva mno, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Sindano za insulini zisiachwe kwa ajili ya miti shamba, kwani hakuna mzizi unaozifufua seli zile.

Aina ya pili ni kitu kingine. Insulini ipo, pengine tele mwanzoni, ila misuli na ini haviitikii vizuri, hasa mafuta yakirundikana tumboni na kwenye ini, na katika familia zenye urithi huo. Kongosho huzidisha kazi miaka mingi mpaka lichoke. Hapo vinywaji vitamu huchangia, lakini si peke yake: hata sahani kubwa za ugali kwa mtu asiyetembea huongeza uzito vilevile.