Asaimenti yako imeshikwa, njoo tuongee (barua kwa mwanafunzi wangu wa Moshi)

Kijana wangu, habari za huko hosteli,

Asaimenti yako ya historia ya KNCU, kile chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, bado sijaipa maksi, imeshikwa na Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi, na najua ushaiona ile 31% ya njano ukapata presha. Kabla hujaanza kuulizia kwa wenzako ngoja nikuambie mwenyewe, maana mnaambizana vitu vingi sio kweli.

Mnasema namba ikizidi kiasi fulani basi umeiba. Ukweli ni kwamba ile namba inahesabu tu maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake, haijui nani kaiba na nani kanukuu vizuri. Ripoti yako nimeipitia mstari kwa mstari: 12 ni kava, orodha ya marejeo na zile nukuu ulizozifungia alama, hizo nimezitoa. 4 ni vipande vya kawaida, "Mkoa wa Kilimanjaro uko kaskazini mwa Tanzania", nani asiyeandika hivyo? Ila 15 iliyobaki yote imetoka kwenye makala moja, ukurasa wa 4 na wa 5, na hapo ndo kuna kazi. Mwenzako ana 9 tu na nimemwita pia.

Najua utasema, "lakini mwalimu, si nimeweka chanzo mwisho wa aya?" Umeweka kweli, na inakusaidia kwa sababu inaonyesha hukuwa unaficha. Lakini chanzo peke yake kinasema wazo limetoka wapi, hakimwambii msomaji kwamba hata maneno ni ya huyo mtu, hayo yanataka alama za nukuu. Na kubadili "walianzisha" iwe "waliunda" huku sentensi inatembea vilevile mpaka nukta ya mwisho bado ni kukopi, kuandika kwa maneno yako ni kusoma, kufunga kitabu, kuandika ulichoelewa, halafu ndo urudi kuhakiki.

Kilichonishtua zaidi sio asilimia hata. Ukurasa wa 5 umeandika KNCU ilianza 1993! Ilianza 1933, ikarithi kazi ya KNPA, chama cha wakulima cha 1925, na wewe mwenyewe ukurasa wa 2 umeiandika 1933 vizuri kabisa. Nikafungua ile makala, nayo ina 1993, kosa la kuchapa. Kosa la mtu mwingine haliwezi kuingia kwako kwa bahati.

Halafu kuitwa sio kufukuzwa, hiki sio kikao cha nidhamu. Inawezekana ulinakili kwenye daftari bila alama, wiki mbili baadaye ukadhani ni maneno yako, nimeyaona hayo mara nyingi. Ndo maana njoo Alhamisi saa nne asubuhi ofisini kwangu, na daftari la notisi na drafti zako, na kama uliandikia Google Docs tutafungua "Version history" tuone hiyo aya iliingia kidogo kidogo au yote kwa mpigo. Ukiwa na kipindi muda huo nitumie meseji tupange mwingine.

Usije na asaimenti uliyoirekebisha usiku, nataka ileile.

Mwalimu wako