Haichaji? Usikimbilie kubadilisha sistimu chaji

Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza ufundi simu kwangu huja akiamini jambo moja: simu isiyochaji, sistimu chaji, yaani tundu la chaji na bodi yake ndogo, imekufa. Si kweli, na nimechoka kuona sistimu chaji nzima zikitupwa.

Juzi kijana mmoja alikuwa ameshafungua simu ya tundu la taipu C. Nikamwambia, "Mdogo wangu, rudisha mfuniko, chomeka waya kwanza." Kichwa cha waya kilibaki nje kidogo, hakikubana, kikachomoka chenyewe. Dalili hiyo inatosha. Vumbi na nyuzi za mfukoni huingia tunduni, na kila unapochaji waya huzishindilia chini mpaka meno hayafikiani.

Tukazima simu, tukamulika tochi. Akachonga kijiti cha mbao kikawa chembamba, akakwangua taratibu kando ya kuta, bila kuugusa ulimi wa katikati, maana ukivunjika hapo ndipo kweli utabadilisha tundu. Sindano ya chuma siitaki mezani kwangu: hukwaruza meno na kuyagusanisha. Likatoka donge la nyuzi lililoshikana kama kitambaa. Kabla ya kusafisha, kipima chaji kilionyesha volti 5 na ampia 0.00. Baada yake, ampia 1.4.

Kipima hicho kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, kabla ya mashine ya hewa moto ya kubandulia vipuri kwenye bodi. Ukishasafisha, ukatumia chaja na waya unaojua ni wazima, na ampia bado ni 0.00, sasa shuku tundu au bodi. Namba ikirukaruka ukitikisa waya, tundu limelegea. Meno yakiwa na kutu ya kijani, maji yameingia. Ampia zikisimama vizuri lakini asilimia hazipandi, angalia betri.

"Lakini kusafisha tu, mteja atalipa?" Atalipa. Unalipwa kwa kujua tatizo liko wapi. Mwonyeshe lile donge.

Wengine hudhani bila mashine ya hewa moto huwezi kuanza. Simu nyingi zina bodi ndogo ya chaji iliyofungwa kwa skrubu na kuunganishwa kwa mkanda. Ukifika mahali pa kuibadilisha, bisibisi zinatosha.

Kwenye kubadilisha vioo, dhana mbaya ni kwamba kuzima simu kunatosha. Betri bado ina umeme. Chomoa kiunganishi cha betri kwanza, ndipo uguse cha kioo. Ukikosea mpangilio unaweza kuunguza njia ya umeme wa taa ya kioo, simu ikawaka lakini kioo kipya kikabaki giza. Na usipake gundi kabla ya kukijaribu: unganisha, washa, kisha buruta alama ya programu kwa kidole pembe zote nne. Ikiachwa njiani, tachi ina sehemu iliyokufa, na kioo hicho bado unaweza kukirudisha dukani.