Oda zimepanda kwa asilimia 30, au faili limeingia mara mbili?

Jumatano asubuhi dashibodi yetu ilisema kwamba jana yake, tarehe 12 Machi 2024, tulipata oda 53,300. Kwa kawaida siku kama ile huwa tunapata kama 41,000. Watu wa masoko walikuwa wameshaanza kupongezana kwa sababu ya tangazo lililotoka Jumatatu. Mimi nilikuwa na wasiwasi, na nilipolitaja suala la faili kuingia mara mbili, nikajibiwa jibu ambalo nimelisikia mara nyingi.

Dhana: "Faili likiingia mara mbili, namba ingekuwa maradufu kamili."

Ingekuwa hivyo kama siku nzima ingekuja kwenye faili moja. Kwetu mafaili ya oda huja manne kwa siku, kila moja na saa zake sita. Siku ile la usiku wa manane lilikuwa na mistari 4,200, la asubuhi 12,300, la mchana 15,100 na la jioni 9,400. Jumla ni 41,000. Likirudiwa la asubuhi peke yake, unapata 53,300, yaani ongezeko la asilimia 30 tu. Asilimia 30 inafanana sana na tangazo lililofanya kazi vizuri, na hapo ndipo watu huponzwa.

Usiitazame jumla. Ligawe ongezeko kwa saa. Sisi tulikuta kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, iko mara mbili ya kawaida, kisha saa sita kamili mstari unaanguka ghafla na kurudi mahali pake. Wateja hawaachi kununua kwa pamoja dakika ambayo faili linaishia. Dalili nyingine ni kwamba idadi ya wateja wasiojirudia haikusogea, na wastani wa thamani ya oda ulibaki karibu pale pale. Tangazo huleta wateja wapya. Faili lililorudiwa huwaleta wale wale.

Kuthibitisha kulichukua swali moja, kwa kuwa kila mstari hubeba jina la faili lake na muda wa kundi lililoupakia:

```sql
SELECT jina_faili, muda_kupakiwa,
       COUNT(*), COUNT(DISTINCT oda_id)
FROM oda
WHERE tarehe = '2024-03-12'
GROUP BY 1, 2;
```

Faili la asubuhi lilitokea mara mbili, saa 6:04 na saa 6:19 mchana, kila mara mistari 12,300. Kama jedwali lako halina safu hizo mbili, ziongeze leo; bila hizo utabaki kubahatisha.

Dhana: "Kazi imeonyesha kijani, kwa hiyo imepakia mara moja."

Kijani maana yake ni kwamba jaribio la mwisho lilifaulu. La kwanza lilikuwa limeshaandika mistari yote kwenye ghala la data, ila jibu la "tayari" halikurudi kabla ya muda wa kusubiri kuisha. Kipanga ratiba kikadhani kazi imefeli, kikairudia kama kilivyoagizwa. Hapakuwa na kilichovunjika, ndiyo maana hakuna kengele iliyolia.

Dhana: "Ufunguo msingi ungezuia."

Kwenye hifadhidata kama PostgreSQL, ndiyo. Lakini maghala ya data kama BigQuery na Redshift hukuruhusu kuutangaza ufunguo huo bila kuulazimisha, na marudio hupita bila kuulizwa.

Dhana: "Weka `SELECT DISTINCT`, yaishe."

Mistari hiyo haifanani: `muda_kupakiwa` ni tofauti, kwa hiyo `DISTINCT` itaiacha yote. Ukiiondoa safu hiyo, unaweza kufuta vitu halali, mfano, kwenye jedwali lenye mstari kwa kila bidhaa, mteja aliyeongeza bidhaa ile ile mara mbili kwenye oda moja, pale ambapo mistari haina namba zake.

Sisi tulifuta kundi la saa 6:19 mchana peke yake, tukahesabu tena, ikarudi 41,000. Kisha tukabadilisha upakiaji wenyewe, ukaanza kufuta mistari yenye jina hilo la faili kabla ya kuingiza, vyote ndani ya muamala mmoja. Sasa kazi ikirudiwa hata mara tano, matokeo ni yale yale. Njia hii haisaidii mtumaji akileta faili lile lile kwa jina jipya. Hapo inabidi kulinganisha heshi ya yaliyomo.

Mchana dashibodi bado ilisema 53,300. Inasoma jedwali la muhtasari wa siku, ambalo huchukua mistari mipya tu na halijui kwamba mingine imefutwa chini yake. Ilibidi tuujenge upya muhtasari wa tarehe 12, na baada ya hapo ripoti ya wiki, ambayo watu wa masoko walikuwa wameshaituma.