Mwongozo wa usahihishaji ni nini, na kwa nini "nisahihishie" pekee haitoshi

Picha inaingia kwenye simu saa tatu usiku: ukurasa wa daftari, mwandiko wa kalamu ya bluu, na chini yake ujumbe mfupi. "Shikamoo mwalimu, naomba unisahihishie." Namjibu marahaba, kisha namuuliza mambo matatu: mwongozo unasemaje, uko kidato cha ngapi, na maksi hizi unazitakia nini? Wengi hudhani nakwepa kazi. Basi tulitazame jibu lenyewe.

Swali: Fafanua dhima tatu za methali katika jamii (alama 6). Mwanafunzi ameandika hivi:

(i) Huonya. Mfano "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" humwonya kijana anayepuuza ushauri wa wakubwa.
(ii) Huelimisha jamii.
(iii) Hutoa tahadhari. Mfano "Haraka haraka haina baraka", mtu asikurupuke.
(iv) Huhifadhi utamaduni. Mfano "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" huonyesha ukarimu na kazi katika jamii ya wakulima.

Mpe maksi. Ngapi?

Mwongozo wa usahihishaji ni karatasi inayomwambia msahihishaji nini kinalipwa na kinalipwa kiasi gani. Watu huuita "majibu", na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu orodha ya majibu sahihi ni sehemu yake ndogo tu. Kazi kubwa ya mwongozo ni kuamua yale ambayo swali halikuyasema: hoja iliyotajwa bila kufafanuliwa ilipwe? Aliyeandika nne alipoombwa tatu, tusome zipi?

Tuseme mwongozo unatoa alama 1 ya kutaja na 1 ya kufafanua, na unaagiza zisomwe hoja tatu za mwanzo. Hoja ya kwanza inapata 2. Ya pili imetajwa tu, inapata 1. Ya tatu ni ile ile ya kwanza iliyovaa kanzu nyingine, maana kuonya na kutahadharisha ni jambo moja, hivyo 0. Ya nne haisomwi. Jumla 3 kati ya 6.

Mwongozo mwingine unaruhusu hoja zozote tatu zilizo sahihi. Hapo ya nne inaokoa jahazi kwa 2 zake, na jumla inakuwa 5. Wa tatu ni mkali zaidi: swali limesema "fafanua", kwa hiyo kutaja pekee hakulipwi, na zinasomwa tatu za mwanzo. Kijana anabaki na 2. Jibu ni lile lile, halijabadilika hata nukta, ila limepata 2, 3 na 5. Nikimpa namba bila mwongozo, nitakuwa nimempa mwongozo wangu wa kichwani.

Kidato nacho kina uzito wake. "Huelimisha jamii" ya mtoto wa kidato cha kwanza naweza kuipokea kwa moyo mweupe. Ya mwanachuo nitaiuliza: inaelimisha nani, kuhusu nini? Hata namba yenyewe haina maana moja. Tuchukue 3 kati ya 6, yaani asilimia 50. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, alama 50 kwenye somo la kidato cha nne ni C, kwa kuwa C huanzia 45 hadi 64. Kidato cha sita 50 hiyo hiyo ni D, ambayo huanzia 50 hadi 59.

Swali la tatu, la lengo, ndilo linaloonekana la ajabu kuliko yote. Lakini maksi za kuingia kwenye ripoti ya muhula lazima zifuate mwongozo sawasawa kwa kila mtoto, hata pale ninapojua alimaanisha nini. Anayejiandaa na mtihani, kwa upande mwingine, namba haimsaidii sana. Yeye anahitaji kuonyeshwa maksi zilipovujia. Na kama amekuja kulalamika kwamba mwalimu wake amempunja, basi nahitaji mwongozo ule ule alioutumia huyo mwalimu, la sivyo nitakuwa nalinganisha pishi na kilo.

Kijana alijibu baada ya robo saa. Mwongozo hana, yuko kidato cha nne, na wiki ijayo wana moku. Sikumwandikia namba. Nilizungushia duara hoja ya pili na kuandika "mfano?", nikaunganisha ya kwanza na ya tatu kwa mshale, "hizi ni moja". Kwenye ya nne niliandika: "Hii ndiyo nzuri yako ya pili. Kwa nini umeiweka mwisho?"