Je, wajua kwa nini tangi lenye bomba la ovaflo bado humwagika kwenye mfuniko?

"Fundi, tangi langu ni la lita 2,000, liko juu ya mnara, na lina ovaflo ya robo tatu ya inchi. Pampu ikisahauliwa, maji yanatoka kidogo kwenye ovaflo na mengine yote yanabubujika kwenye mfuniko. Nimechungulia, bomba halijaziba. Sasa tatizo nini?"

Tatizo ni kwamba maji yanaingia kwa kusukumwa na yanatoka kwa kujiendea tu. Pampu ina nguvu nyuma yake, kwa hiyo hata bomba jembamba linapitisha maji mengi. Ovaflo haina msukumo wowote ila ule wa maji machache yaliyopanda juu ya tundu lake, na kwenye matangi mengi nafasi iliyobaki hadi mfuniko ni vidole vitatu au vinne.

Nilikuta hali kama hii kwenye nyumba moja Mbagala. Kabla ya kugusa chochote nilipanda na ndoo ya lita 20, nikaiweka chini ya mdomo wa bomba la kuingizia na kumwambia kijana wa nyumbani awashe pampu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 30, yaani lita 40 kwa dakika. Kisha nikapima kutoka katikati ya tundu la ovaflo hadi ukingo wa tangi, nikapata sentimita 5. Kwa kina hicho cha maji, tundu la robo tatu hupitisha takriban lita 10 kwa dakika. Lita 30 zilizobaki hazina njia nyingine ila mfuniko.

Tundu likipanuliwa hesabu hubadilika haraka, maana ukiongeza upana mara mbili, eneo la kupitishia maji huongezeka mara nne. Kwa sentimita zile zile 5, bomba la inchi moja na nusu hupitisha kama lita 45, na la inchi mbili kama lita 70. La inchi moja na nusu lingetosha kwenye karatasi, lakini utando ukishika kidogo ndani ya bomba, akiba hiyo ya lita 5 imekwisha. Pale niliweka la inchi mbili. Bomba la kuingizia lilikuwa la inchi moja, na hiyo ndiyo kanuni rahisi ninayoitumia: ovaflo iwe saizi mbili au tatu juu ya bomba la kuingizia, kisha ihakikishwe kwa ndoo na saa.

Kuna hatari nyingine kwenye ovaflo nyembamba ambayo haionekani kutoka chini. Maji yakipanda hadi kuzamisha mdomo wa bomba la kuingizia, na wakati huo huo msukumo kwenye laini ukapotea, maji ya tangi huweza kunyonywa kurudi yalikotoka. Kama laini hiyo inatoka kwenye mtandao wa mtaa, uchafu wa tangi lako umeingia kwenye maji ya jirani. Mdomo wa bomba la kuingizia unapaswa kubaki juu hewani hata tangi likiwa limefurika.

Ile robo tatu ya zamani sikuitupa. Niliihamisha chini kidogo, sentimita mbili na nusu juu ya usawa ambao floti hufunga maji, nikaacha ya inchi mbili iwe juu yake. Robo tatu haina kazi ya kuokoa tangi. Kazi yake ni kutoa taarifa. Floti ikianza kuvuja, maji hutokea hapo kwanza, kidogo kidogo, na mtu anaona. Mafundi wa Uingereza kwa muda mrefu wameweka mabomba haya mawili kwenye matangi yanayozidi lita 1,000, na lile la taarifa haliwi chini ya milimita 19, ambayo ni robo tatu yetu.

Kwa sababu hiyo bomba la taarifa limalizikie mahali ambapo macho hupita kila siku. Tulilileta karibu na mlango wa jiko, juu kidogo ya kichwa, likidondokea kwenye sakafu ya saruji. Wengine hupenda kulirudisha kwenye tangi la chini ili maji yasipotee. Nawaelewa, maji ni ghali, lakini hapo umeficha ubovu: pampu itazungusha maji yale yale usiku kucha, na utakachoona ni umeme kuisha mapema.

Ovaflo kubwa nayo ina makatazo yake. Isiunganishwe moja kwa moja na chemba wala shimo la maji taka, hata kama liko hatua mbili tu. Bomba lililo wazi huko chini ni ngazi ya mende na njia ya hewa chafu hadi juu ya maji unayokunywa, na chemba ikiziba mvua ya masika ikinyesha, huwezi kujua ovaflo imezibwa pia. Acha mdomo wake uning'inie wazi, kama sentimita 15 juu ya ardhi, juu ya zege au kokoto zinazopeleka maji kwenye mtaro. Isimwage kwenye ukuta, kwenye pampu, wala upande wa jirani.

Na isimwage kwenye miguu ya mnara. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Lita 40 kwa dakika kwa saa 8 za usiku ni lita 19,200. Udongo wa kichanga hauvumilii hayo, huchimbika taratibu chini ya msingi, na juu yake kuna tani mbili za maji. Ukiona nyufa mpya kwenye zege la mguu au kishimo kinachorudi kila ukikifukia, mwaga maji ya tangi kwanza, ndipo uanze kuuliza maswali.

Linabaki suala la wavu. Mbu anayeeneza dengi, Aedes, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande. Ovaflo isiyo na wavu ni mlango wake. Matundu ya wavu yasizidi milimita 1.5, na uwe wa plastiki au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu waya wa kawaida huliwa na kutu ukaacha tundu wazi.

Wengi huufunga kule juu kwenye tangi. Mimi huufunga chini, kwenye mdomo wa kumwagia, kwa sababu mbili. Juu, wavu hupunguza njia pale pale ambapo msukumo ni mdogo kabisa, wakati chini kuna mita kadhaa za maji yanayosukuma. Tena chini mkono unafika. Pale Mbagala nilimalizia inchi mbili kwa redyusa ya kupanukia inchi tatu, nikatandaza wavu kwenye mdomo mpana na kuukaza kwa klampu ya bisibisi. Eneo la wavu liliongezeka zaidi ya mara mbili, hivyo majani mawili matatu hayaubani.

Mwisho tuliwasha pampu na kuiacha kwa makusudi, floti ikiwa imefungwa isifanye kazi. Robo tatu ilianza kudondoka jikoni, kisha inchi mbili ikafunguka kwa kishindo juu ya kokoto. Nilikuwa nimeshika rula ndani ya tangi: maji yalisimama sentimita mbili chini ya ukingo, na hayakupanda tena.